Dakika 65 kwa Siku: Likizo na Mtoto wa Miezi 7

Likizo yetu ya kwanza na binti yetu ilikuwa ya siku 4, na siku 3 kati ya hizo alilia jioni mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa na miezi 5. Homa hana, nepi zinalowa kama kawaida, kunyonya ananyonya. Nikadhani ni ugeni wa mahali, nikadhani ni hewa, mwishowe nikaanza kuyashuku maziwa yangu. Tuliporudi nyumbani nilikaa nikaandika siku zile saa kwa saa, ndipo nikaona kwamba hakuna hata mara moja aliyolala mchana zaidi ya nusu saa mfululizo. Tulikuwa tumepanga siku ya watu wazima, halafu yeye tukamtafutia pa kulala katikati yake.

Safari iliyofuata, akiwa na miezi 7, niligeuza mpango mzima. Nilianza na usingizi na kunyonya, nikaangalia kilichobaki, na kilichobaki ndicho kikawa matembezi. Naamini likizo ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka inapaswa kupangwa hivyo, hata kama hesabu inayopatikana ni ndogo kuliko wazazi wangependa.

Kipimo cha kwanza ni muda ambao mtoto anaweza kukaa macho kabla ya kuhitaji kulala tena. Wa miezi 2 huchoka baada ya saa moja hivi, pengine saa moja na nusu. Wa miezi 5 hadi 7 wengi huvumilia kati ya saa mbili na tatu, na karibu na mwaka hufika saa tatu hadi nne. Watoto hawafanani, kwa hiyo wiki moja kabla ya safari andika wako anaamka saa ngapi na anaanza kufikicha macho saa ngapi. Siku 4 au 5 za kuandika zinatosha. Dalili za mwanzo ni ndogo: anageuza uso asikutazame, anavuta sikio, anatulia ghafla katikati ya mchezo. Miayo na kufikicha macho hufuata. Akifika kwenye kilio na kujikunja mgongo, umechelewa. Mwili wake umeshajichangamsha ili kupambana na uchovu, na sasa hata ukimlaza anagoma, au analala dakika 30 na kuamka akilia.

Nikueleze siku moja ilivyokuwa. Binti yangu wakati huo alilala mara 3 mchana na aliweza kukaa macho takriban saa mbili na nusu, asubuhi pungufu kidogo. Aliamka saa 12:30 asubuhi, akanyonya, tukacheza sakafuni. Saa 2:45 nikamlaza kitandani kwake, chumbani, pazia limefungwa. Akaamka saa 4:00. Kutoka hapo mpaka usingizi wa pili, saa 6:30 mchana, kulikuwa na dakika 150, na hizo ndizo zilikuwa nafasi yetu ya kutoka.

Dakika 150 zinasikika nyingi, lakini anza kutoa. Kunyonya kwa utulivu na kucheua, dakika 25. Kubadilisha nepi na kumvalisha, 10. Mwishoni, kumrudisha kwenye hali ya kulala kwa kupunguza mwanga, kumpangusa na kumbembeleza, 20. Zimebaki 95. Tulikokwenda kulikuwa na mwendo wa dakika 15, kwenda na kurudi 30. Zikabaki dakika 65 za kukaa kivulini, kutazama maji na majani, kushikashika mchanga. Kwa mtoto wa miezi 7 hiyo ni shughuli kubwa. Sehemu ya umbali wa dakika 40 ingetubakizia dakika 15, ndiyo maana niliifuta, ingawa ilisifiwa sana na ndiyo baba yake aliyokuwa anaitamani. Yeye aliiendea peke yake siku ya tatu, mtoto akiwa amelala, na alirudi na furaha. Wazazi wawili kupokezana ni sehemu halali ya mpango huu.

Usingizi wa pili ukaenda mpaka saa 8:00, tena kitandani. Akanyonya, na baadaye akala chakula chake kidogo. Wa tatu ulikuwa mfupi, kuanzia saa 10:30 jioni, dakika 40 akiwa kwenye mbeleko tukitembea jirani na tulipofikia. Saa 1:30 usiku alikuwa amelala. Ukijumlisha saa 11 za usiku na zile za mchana, inakuja saa 14 na dakika 25. Watoto wa miezi 4 hadi 12 wanahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, kwa hiyo alikuwa salama kabisa.

Katika zile mara 3, nailinda sana ya kwanza na ya pili. Hiyo ya tatu inaweza kufanyika kwenye mbeleko au kigari, maana kazi yake ni kumvusha tu mpaka usiku. Zile mbili za mwanzo nazitaka kitandani, kwenye giza, kwa sababu ndizo zinazorefuka. Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko ya dakika 40 hadi 50 hivi, na mwisho wa kila mzunguko hukaribia kuamka. Chumba kikiwa kimya na cheusi, anajisogeza na kuendelea. Kwenye kigari, penye sauti na mwanga unaobadilika, anafumbua macho na mambo yanaishia hapo.

Wifi yangu, tuliyekuwa naye safari ile ya kwanza, alikuwa akiniambia, "Wifi, mwache tu, atalala garini." Alisema kwa nia njema, na kweli mtoto alilala garini. Alilala dakika 15 kabla hatujafika, na hapo ndipo siku iliharibika. Usingizi mfupi kama huo unaondoa ule uzito wa kwanza wa uchovu bila kumpumzisha. Ukimlaza kitandani mnapofika, anakutazama kwa macho makavu kana kwamba ameshamaliza. Saa moja baadaye amechoka kupita kiasi. Kwa hiyo mwendo wa kurudi nauweka mapema, kabla hajaanza kusinzia, na mtu mmoja anakaa naye nyuma kumwimbia na kumwonyesha vitu. Akishindwa na kulala, basi naacha saa moja na nusu hivi ipite ndipo nijaribu kitanda tena, na jioni namlaza usiku mapema kwa nusu saa.

Na kama amelala kwenye kiti cha gari, mkifika mtoeni mumlaze sehemu tambarare. Kiti kile kimetengenezwa kumlinda barabarani. Gari likisimama na yeye akaachwa humo amelala, kichwa kinaweza kuanguka mbele, kidevu kikagusa kifua na njia ya hewa ikabanwa, hasa kwa mtoto mdogo ambaye shingo haijakomaa.

Kuhusu kunyonya, kuna jambo sikulijua safari ya kwanza. Kuanzia miezi 4 au 5 mtoto anavutwa na kila kitu. Ukimnyonyesha penye watu na sauti, ananyonya kidogo, anaachia chuchu ageuke kutazama, anarudi, anaachia tena. Unaona amenyonya mara nyingi, kumbe tumbo halikujaa. Deni hilo analidai usiku, na wewe unafikiri ameanza tabia mpya ya kuamka. Ndiyo sababu zile dakika 25 baada ya kuamka nazitumia chumbani, mlango umefungwa, kabla ya kutoka. Tukiwa nje namnyonyesha akitaka, ila siutegemei mlo huo. Nepi ndizo shahidi: zikilowa vizuri mara 6 au zaidi kwa siku, anapata maziwa ya kutosha. Zikipungua, au mkojo ukiwa wa rangi nzito, ongeza mara za kunyonyesha na punguza matembezi ya juani. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 hapewi maji hata siku ya joto. Maziwa ndiyo maji yake.

Anayetumia maziwa ya kopo ana hesabu ya ziada. Unga wake haujaondolewa vijidudu vyote, kwa hiyo unachanganywa na maji yaliyochemka ambayo bado yana joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha chupa inapozwa kabla ya kumpa. Kwa matembezi mafupi mimi ningebeba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa kwenye kikopo safi kikavu, nichanganye pale pale. Chupa iliyokwisha kuchanganywa ikikaa saa mbili kwenye joto la kawaida inamwagwa, na iliyoanza kunyonywa haiwekwi zaidi ya saa moja. Uzuri ni kwamba matembezi ya dakika 95, kwenda na kurudi, mara nyingi hayahitaji chupa kabisa.

Kabla ya kulipia mahali pa kufikia, nauliza maswali yaleyale. Pazia zinazuia mwanga wa mchana? Kuna nafasi ya kitanda cha mtoto chenye godoro gumu na tambarare, bila mito wala blanketi zito? Na kuna kona, varanda au chumba cha pili tunapoweza kukaa wakati yeye amelala? Swali la mwisho ndilo linaloamua. Chumba kimoja bila varanda maana yake ni wazazi wawili kukaa gizani kuanzia saa 1:30 usiku, wakinong'ona. Mandhari nzuri dirishani haitusaidii kama dirisha lenyewe halina pazia.

Siku ya kufika hatutoki. Mtoto wa miezi 7 au 8 ameshaanza kumkosa mama akitoka machoni, na chumba kigeni kinamzidishia hofu hiyo, kwa hiyo alasiri ile tunacheza humo chumbani, sakafuni, karibu na kitanda atakacholalia. Shuka nalitandika lililotumika nyumbani, bila kulifua, ili harufu iwe anayoijua. Usiku wa kwanza akiamka mara 2 au 3, sibadilishi kitu; namtuliza kama nyumbani. Lakini usiku wa pili ukiwa hivyo hivyo, matembezi ya kesho yake nayafuta, nampa mara zote 3 za kulala kitandani, na tunaanza tena kuhesabu siku inayofuata.