Igizo la ugomvi lianzie baada ya tusi

"Ukiwapa watoto igizo la ugomvi, watakachokumbuka ni ugomvi. Waeleze madhara ya hasira, waandike, basi." Ndivyo alivyosema mwalimu mwenzangu wa huku Bahi tulipokaa kuandaa somo la kudhibiti hasira na kusuluhisha migogoro kwa maigizo mafupi.

Hoja yake ina mashiko kuliko wapenzi wa igizo dhima tunavyopenda kukiri. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambapo wanafunzi wa chuo waliokwisha kuudhiwa walipewa mfuko wa kupiga ngumi. Waliopiga huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa tu bila kufanya lolote. Kwa hiyo igizo ambalo watoto wanatukanana dakika tatu, kisha wanapeana mikono kwa "samahani, yameisha", ni mazoezi ya kutukanana. Na utalijua haraka: darasa linacheka penye tusi, na suluhu ikifika kila mtu ameshaanza kuongea na jirani yake.

Lakini kosa hapo ni mahali igizo lilipoanzia. Maelezo ya ubaoni nayo yana kasoro yake, tena kubwa. Mtoto wa darasa la tano anajua vizuri kwamba hasira hasara, na ukimuuliza kwenye mtihani atapata vema. Kinachomshinda ni zile sekunde chache ambazo moyo unadunda, taya limekaza, na mwenzake bado anamwangalia kwa dharau. Hapo anahitaji sentensi ambayo kinywa chake kimeshawahi kuitamka.

Chukua foleni ya bomba la shule, maana huku kwetu kiangazi ugomvi hauko mbali na dumu. Mwalimu asimulie mwenyewe kilichotokea: dumu la mmoja limesogezwa nyuma, naye alipouliza akajibiwa, "Kwani bomba la baba yako?" Igizo lianzie hapo, baada ya jibu hilo. Aliyeudhiwa ashushe pumzi taratibu mara mbili au tatu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kisha aseme kilichotokea, kinavyomuudhi, na anachotaka: "Dumu langu lilikuwa mbele ya lako. Likisogezwa bila kuulizwa naudhika. Naomba lirudi." Hakuna "wewe kila siku" wala "nyie wa kule", kwa sababu maneno hayo humfanya mwenzake ajitetee badala ya kurudisha dumu.

Raundi ya pili ndiyo inayosahaulika kwenye maandalio mengi. Mwenzake akatae: "Sirudishi." Bila raundi hiyo tumewadanganya watoto kwamba ukisema kwa upole utakubaliwa. Hapo wajaribu njia nyingine: kumwita kiranja wa foleni, au kukubaliana wachote kwa zamu. Mikono ikae nyuma muda wote, na wawili waliogombana kweli wiki hiyo wasipangwe pamoja.

Sasa muda, na hapa ndipo ninapong'ang'ania. Tuseme darasa lina wanafunzi 78 na kipindi ni dakika 40. Ukiwaweka sita sita unapata vikundi 13. Kila kimoja kikicheza mbele dakika 4, zimeshakwenda dakika 52 kabla hujasema neno. Matokeo yake huwa vikundi vinne tu vinacheza: watoto 24 wamefanya, 54 wametazama. Nao waliojitokeza mara nyingi ni wale wale wachangamfu, huku yule anayerusha ngumi kwa sababu maneno hayamtoki amekaa nyuma. Wapange watatu watatu badala yake: mwenye hasira, mkorofi, mtazamaji. Vikundi 26 vinafanya kwa wakati mmoja, dakika 2 kwa zamu, kisha wanabadilishana. Ndani ya dakika 6 kila mtoto ameshapita nafasi zote tatu. Mtazamaji anaulizwa mambo mawili tu: alishusha pumzi kabla ya kusema? Aliomba kitu kinachotekelezeka? Kelele zitakuwepo, kweli, na mwalimu wa darasa la jirani atachungulia dirishani. Toa nusu ya darasa wakafanyie chini ya mti.

Mahali ambapo mwenzangu ameshinda kabisa ni kwenye uonevu. Mtoto wa darasa la saba anayemnyang'anya wa darasa la tatu hela ya andazi kila siku hana mgogoro naye, anamwonea. Kumwambia mdogo ashushe pumzi na kuomba kwa adabu ni kumwongezea mzigo. Kisa cha aina hiyo hakiingii kwenye igizo. Mdogo afundishwe kwenda moja kwa moja kwa mwalimu, na mwalimu amwite mkubwa peke yake.