Barua ya kuombea masta ya ualimu wa uuguzi, utoto wako weka pembeni

Kuna dada nesi hapa Tanga kanipa barua yake ya kuombea masta ya ualimu wa uuguzi niipitie kabla hajaenda kuiprinti Ngamiani, aya ya kwanza tu nikachoka. Eti tangu utotoni alipenda kuhudumia wagonjwa, sijui aliona manesi wamependeza na nyeupe zao. Sawa, ila unesi ashaupata kitambo. Hii kozi inamtoa mwalimu wa manesi, kwahiyo msomaji anataka kujua kama umewahi kukaa na mwanafunzi ukaona anakwama wapi.

Nikamuuliza, dada, wanafunzi wanaokuja leba kwenu wanakusumbua wapi? Hapo ndo akafunguka. Patografu! Ile karatasi ya kufuatilia uchungu inatakiwa ijazwe mama bado yuko kitandani, mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, njia inapimwa kila baada ya saa nne, ili mstari ukivuka ule wa tahadhari watu washtuke mapema. Wao wanajaza mama ashajifungua. Unajuaje, nikamuuliza. Akacheka, anasema wino mmoja mwandiko mmoja toka juu mpaka chini, mapigo 140, 140, 140, na njia inafunguka sentimita moja kila saa utadhani kapigiwa rula. Na darasani hao hao wanafaulu, maana kule wanapewa namba zote tayari, kazi yao kuchora tu.

Bibie, hiyo ndo barua yako, na umeifungia kabatini!

Halafu kumbe alishajaribu kitu. Aliacha kusahihisha karatasi mwisho wa shifti, akawa anamfuata mwanafunzi kitandani katikati ya kazi, nioneshe nukta ya mwisho, haya sasa utafanya nini? Akagundua wapo wanaojua kuchora ila mstari ukivuka hawajui wamwite nani, na wapo wanaojua kila kitu ila kutwa wanatumwa huku na huku kwa vile wodini watu hawatoshi. Mimi hapa ndo nilimkazania sana, kwasababu hilo la pili masta haliwezi kulitibu, ukilichanganya na la kwanza msomaji ataona hujui unachoendea chuo. La kwanza ndo la kufundishika, na la kupimika pia, kwa mtihani wa vitendo ambao namba zinatoka moja moja mwanafunzi anaamua papo hapo.

Alitaka aandike "nilileta mabadiliko makubwa", nikakataa. Hajapima chochote, aseme tu alichokiona kwa kundi la shifti yake, na kwamba anataka kujifunza kutengeneza cheklisti ambayo wasimamizi wawili wakimpima mwanafunzi mmoja wanatoa maksi zinazokaribiana. Utoto wote umefutwa, kasoro bibi yake aliyekuwa kamtaja humo, huyo kabaki kwenye sentensi moja, dada aligoma kabisa kumtoa.