Msiilaumu Mashine ya Kadi, Angalieni Njia Yake

Kadi ikigoma, ushauri ni ule ule: "Badilisha mashine." Watu wanabadilisha mpaka ya tatu, na mgeni bado anangoja risiti. Imetosha sasa.

Mchukue mama mmoja anayeuza mishkaki usiku karibu na Ngome ya Lamu. Mashine yake ya simkadi mchana haina neno. Ikifika saa mbili usiku, inazunguka weee, halafu inakata. Wakala akamwambia, "Mama, ongeza bando." Akajibiwa, "Bando ninalo tele, mwanangu. Kadi ndiyo haipiti."

Mama alikuwa sahihi. Vijiti vya netiweki huonyesha nguvu ya mawimbi tu, havisemi mnara una nafasi kiasi gani. Saa hiyo simu zote ziko kwenye video, na ombi la mashine, dogo kama lilivyo, linapanga foleni hadi muda wake unakwisha. Balaa ni kwamba huenda benki imeshakubali na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukipitisha tena kwa haraka, mgeni anakatwa mara mbili. Mashine hutakiwa kutuma ujumbe wa kufuta malipo, lakini nao unapita njia ile ile mbovu! Angalia kwanza orodha ya miamala.

Jirani mwenye duka lenye intaneti ya faiba akampa waifai. Ikawa yale yale. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kulaumu faiba bila kupima. Kipimo ni kuweka kompyuta ya Windows pale penye meza, kwenye waifai ile ile, na kuita ruta yenyewe, si intaneti:

```
ping -n 50 192.168.1.1
```

Anwani iwe ya ruta yenu. Majibu yakipotea hapo, faiba haina kosa; tatizo ni kati ya meza na ruta. Na ndivyo ilivyokuwa: ukuta wa mawe ya matumbawe, mnene karibu nusu mita, na waifai za majirani zikigombania chaneli chache.

Dawa ikawa waya wa Cat6 wa nje, shaba tupu, kutoka ruta hadi kitako cha mashine chenye tundu la mtandao. Mwendo ule ulikuwa mita 40 hivi, na kikomo ni 100. Usikubali alumini iliyopakwa shaba, inakatika upesi. Kabla ya kuingia ukutani waya uachiwe tumbo la kuning'inia, maji ya mvua yadondokee hapo. Mwisho ulio mezani ukae ndani ya kisanduku kilichofungwa, maana hewa ya chumvi hula vile vijino vya kichwa cha waya. Kadi zikianza tena kusuasua, kata kichwa, funga kipya, kabla hujamwita mtu.

Haya, nakubali: umeme ukikatika ruta inazima na waya unabaki pambo. Nunua betri ndogo ya ruta, na simkadi uiache ndani kama akiba.