Mahakama haikuruhusu bomu la nyuklia

Wiki iliyopita nilihudhuria kongamano la sheria za kimataifa hapa Dodoma. Mtoa mada, msomi anayeheshimika, akawaambia vijana waliojaa ukumbini kwamba mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki "iliruhusu silaha za nyuklia kwa kujilinda". Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari yao. Nikanyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Hasira haijaniisha, ndiyo maana naandika.

Mahakama haikuruhusu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiuliza kama kutishia au kutumia silaha za nyuklia kunaruhusiwa katika hali yoyote ile. Majaji 14 walijibu Julai 8, 1996, wakipigia kura kila aya peke yake, na ile anayoitegemea mtoa mada wetu ni aya ya E. Ina sentensi mbili. Ya kwanza inasema kutishia au kutumia silaha hizo, kwa ujumla, ni kinyume cha sheria za vita, hasa kanuni za ubinadamu. Ya pili inasema Mahakama haiwezi kuhitimisha kwa uhakika kama ni halali au haramu pale nchi inapojilinda katika hali mbaya kabisa, uhai wake wenyewe ukiwa hatarini. Jaji anayesema hawezi kuhitimisha hajampa mtu kibali. Ameacha swali wazi, basi.

Tena tazameni kura zenyewe. Saba kwa saba, ikapita kwa kura ya uamuzi ya Rais wa Mahakama, Mohammed Bedjaoui wa Algeria. Watu husikia "saba walipinga" wakadhani saba walitetea bomu. Watatu kati yao, Shahabuddeen wa Guyana, Weeramantry wa Sri Lanka na Koroma wa Sierra Leone, walipinga kwa sababu waliona aya hiyo ni laini mno: walitaka itamkwe kwamba silaha hizo ni haramu katika kila hali, bila mlango wowote wa pembeni. Ukiwajumlisha na saba waliounga mkono, majaji kumi kati ya 14 walikuwa tayari kusema kwamba angalau kwa ujumla matumizi yake ni haramu. Kwa nini wanafunzi wetu hawaambiwi hesabu hii? Na kuhusu vitisho, Mahakama ilieleza kwamba kama kutumia nguvu fulani ni haramu, kutishia kuitumia nako ni haramu.

Kuna pia aya ya F, ambayo mtoa mada hakuigusa kabisa. Hiyo majaji wote 14 waliikubali: kuna wajibu wa kufanya mazungumzo ya kuondoa silaha za nyuklia kwa nia njema, na kuyafikisha mwisho. Wajibu huo umetoka kwenye Kifungu cha VI cha Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ule ulioanza kutumika mwaka 1970. Makubaliano yalikuwa haya: nchi tano zilizokuwa zimelipua bomu kabla ya Januari 1, 1967 zingezungumza ili ziachane nayo, sisi wengine tusilitengeneze kamwe, na wote tuwe na haki ya nyuklia ya amani. Tanzania ilijiunga mwaka 1991, na upande wetu tumeutimiza. Sisi wa huku kati, tuliowaona watafiti wakitafuta urani Bahi na Manyoni, tunajua kwamba madini hayo yakichimbwa, taarifa zake lazima zifike kwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Sina tatizo na hilo. Tatizo langu ni kwamba upande wa pili wa makubaliano hauna mkaguzi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba jibu lile la 1996 ni maoni ya ushauri tu, na hayafungi nchi yoyote kama hukumu, na kwamba vichwa vya nyuklia vimepungua kutoka takriban 70,000 katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 12,000. Lakini mwaka 2021 Uingereza ilitangaza kupandisha kikomo chake hadi vichwa 260, ilhali awali ilikuwa imepanga kushuka hadi 180. Nia njema gani hiyo?

Visiwa vya Marshall, ambako Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958, viliuliza swali hilo mahakamani. Mwaka 2014 vilizishtaki nchi zote tisa zenye bomu. Ni tatu tu, Uingereza, India na Pakistan, zilizokuwa zimekubali mamlaka ya Mahakama kwa namna iliyowezesha kesi kuendelea. Oktoba 5, 2016 kesi zote tatu zilitupwa kwa hoja kwamba hakukuwa na mgogoro kati ya pande hizo wakati mashtaka yanafunguliwa. Ile ya Uingereza ilikwama nane kwa nane, ikaamuliwa tena kwa kura ya Rais. Kama Kifungu cha VI kimetimizwa au la, Mahakama haikufika huko.