Mlonge mara 17 ya maziwa: gramu 100, kalori 100 au kijiko?

Dada mmoja aliyeona tangazo la mlonge ameniuliza: "Unga wa mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa na vitamini C mara 7 ya chungwa. Sasa kwa nini tuendelee kununua maziwa?"

Hiyo 17 haikutungwa. Jedwali linalonukuliwa sana linaupa unga wa majani ya mlonge miligramu 2,003 za kalsiamu kwa gramu 100, na maziwa ya ng'ombe miligramu kama 120 kwa uzito huohuo. Ukigawanya, jibu ni karibu 17. Kasoro iko kwenye vitu vilivyowekwa mizani moja. Huku kuna unga mkavu, kule kuna kinywaji ambacho asilimia 88 yake ni maji. Gramu 100 za maziwa hazijai hata nusu ya glasi, lakini gramu 100 za unga wa mlonge ni zaidi ya vijiko 12 vya chakula.

Tutoe maji pande zote mbili tuone. Maziwa ya unga yenye mafuta yake yote yana kalsiamu miligramu 900 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo mara 17 inashuka hadi mara mbili na ushee. Sasa tuchukue mchicha wa kawaida. Ukiwa mbichi una miligramu kama 215 kwa gramu 100, na asilimia 92 yake ni maji. Ukaushe, uusage, ubaki na maji asilimia 7 kama unga mwingine wa majani: kila kitu kilichomo kinajibana zaidi ya mara 11, na kalsiamu inavuka miligramu 2,300. Mchicha wa fungu sokoni unaupita mlonge uliofungwa kwenye kopo, na jani halijaongezewa chochote isipokuwa jua.

Vitamini C inaonyesha ubaya mwingine wa matangazo haya. Mara saba ya chungwa ni hesabu ya majani mabichi ya mlonge, yenye miligramu kama 220 kwa gramu 100. Vitamini hiyo haistahimili kukaushwa wala kukaa ghalani. Kwenye unga, jedwali lilelile linaonyesha miligramu 17 tu, pungufu ya chungwa lenyewe. Muuzaji amechukua sifa ya jani bichi akaibandika kwenye kopo la unga, na kwa kuwa zote zimeandikwa "kwa gramu 100", mnunuzi hana namna ya kushtuka.

Pamoja na hayo, siwezi kusema gramu 100 ni kipimo kibaya. Ukiwa dukani umeshika mtindi wa aina mbili, mmoja una sukari gramu 5 na mwingine 13 kwa gramu 100, hakuna kipimo kitakachokueleza ukweli haraka kuliko hicho. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2011, unalazimisha lebo za vyakula vilivyofungashwa zionyeshe virutubishi kwa gramu 100 au mililita 100, na naona wako sahihi. Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri pale vyakula vinapokuwa vya jamii moja, vina maji yanayokaribiana na vinaliwa kwa wingi unaokaribiana. Mtindi kwa mtindi, mkate kwa mkate.

Wengi wanaolijua tatizo la maji hukimbilia kalori 100, kwa sababu maji hayana kalori. Hapo mlonge unabaki na miligramu kama 980 za kalsiamu dhidi ya 195 za maziwa, yaani mara tano. Ni afadhali, ila kipimo hiki nacho kina mtego wake kwenye mboga. Kuna madai yanayozunguka kwamba majani yana protini kuliko nyama. Kwa kalori 100 yanaweza kuwa kweli: mchicha unatoa protini gramu 11 hivi, wakati nyama ya kusaga yenye mafuta mengi inatoa kama gramu 7. Lakini kalori 100 za nyama hiyo ikiwa mbichi ni gramu 40, kipande cha kukamata kwa vidole viwili. Kalori 100 za mchicha ni zaidi ya gramu 430, karibu nusu kilo ya majani mabichi kwa mtu mmoja, kwa mlo mmoja.

Mahali ambapo kalori 100 zina thamani kubwa ni kwenye chakula cha mtoto mchanga. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya anahitaji takriban kalori 200 kwa siku kutoka kwenye vyakula vya nyongeza. Nafasi ni ndogo mno, kwa hiyo ni lazima ujue kila kalori inakuja na chuma kiasi gani na zinki kiasi gani. Hata hivyo kuna kitu kinapotea. Unga ukiupika uji mzito au mwepesi, kwa kalori 100 virutubishi vyake ni vilevile, kwa sababu maji yamefutwa kwenye hesabu. Tumbo la mtoto haliyafuti. Uji wa unga gramu 10 katika kila gramu 100 una kalori kama 36 tu, na ili apate kalori 200 inabidi anywe zaidi ya nusu lita. Hilo utaliona ukipima uji wenyewe, kwa gramu 100 zake ukiwa tayari kunywewa. Lebo ya pakiti haikuonyeshi, maana imeandika unga mkavu.

Kinabaki kiasi cha mlo mmoja, ambacho wengi wanakiona ndicho chenye hila kuliko vyote, kwa sababu mara nyingi muuzaji ndiye anayekipanga. Hofu hiyo ina msingi. Marekani, kiasi rasmi cha soda kilikuwa mililita 240 mpaka kanuni mpya za mwaka 2016 zilipokipandisha hadi 360, sawa na kopo zima ambalo watu walikuwa wanalimaliza siku zote. Kulekule, sukari isiyofika nusu gramu kwa mlo mmoja inaruhusiwa kuandikwa sifuri, hivyo peremende ndogo iliyo karibu sukari tupu inaweza kuonekana haina sukari.

Lakini udanganyifu huu una dawa mkononi mwa mlaji. Unajua unakunywa kopo zima, unazidisha. Gramu 100 za unga mkavu hazikupi nafasi hiyo, kwa sababu hujawahi kuzila na hutazila, na namba yake inaonekana haina mwenyewe. Ndiyo maana, kati ya vipimo vitatu, kwangu mimi gramu 100 ndizo zinazopotosha zaidi mara tu kikavu kinapolinganishwa na kibichi: unga wa majani na maziwa, dagaa wakavu na samaki wabichi, zabibu kavu na zabibu mbichi.

Kwa hiyo dada, tumia kijiko. Kijiko cha chakula cha unga wa mlonge ni kama gramu 8, na kina kalsiamu miligramu 160. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Kuifikia glasi hiyo unahitaji karibu vijiko viwili vya chakula, kila siku, na ukitumia kijiko cha chai kwenye uji, kama wengi wanavyofanya, unapata miligramu kama 50. Halafu majani haya yana oksalati, inayoshika sehemu ya kalsiamu isifyonzwe tumboni, jambo ambalo hakuna kati ya vipimo hivi vitatu kinachoweza kulionyesha. Kama mlonge unao uani, upike majani yake mabichi kama mboga, na maziwa endelea kununua.