Miaka kumi ya mwisho ya barabara ya kulipia si ya bure

"Wataalamu wanasema mwekezaji wa barabara akipewa miaka 30 ya kukusanya tozo badala ya 20 si tatizo, maana pesa za mbali hazina thamani. Sasa sisi tunaolalamikia miaka tunakosea wapi?" Ndivyo alivyouliza dereva mmoja wa semi, mkazi wa Uyole, Mbeya.

Hukosei, kaka. Hao wataalamu hesabu yao ni sahihi, ila ni hesabu ya mwekezaji.

Tuchukue mfano wa kubuni: barabara ya mchepuo kutoka Uyole hadi Songwe, inayojengwa kwa mkataba wa jenga, endesha, kabidhi: mwekezaji anajenga kwa pesa zake, anakusanya tozo kwa miaka kadhaa, kisha anairudisha serikalini. Ikishaanza kazi, baada ya gharama za uendeshaji na matengenezo inabakiza shilingi bilioni 40 mwaka wa kwanza, na kiasi hicho kinakua kwa asilimia 5 kila mwaka. Mwekezaji amekopa kwa riba kubwa na wenye hisa wanataka faida, kwa hiyo anapunguza thamani ya pesa za baadaye kwa asilimia 15 kwa mwaka. Kwake, shilingi 100 za mwaka wa 25 ni kama shilingi 3 leo. Miaka 20 ya makusanyo, kwa thamani ya sasa, inampa bilioni 335, na ukimwongezea kumi anafika bilioni 374. Nyongeza yote ni bilioni 39, ndiyo maana wanasema si kitu.

Serikali haikopi kwa bei hiyo, na haiondoki Mbeya mwaka wa 20. Ikitumia asilimia 8, shilingi 100 zilezile za mwaka wa 25 ni karibu shilingi 15 leo. Kwa kipimo hicho, miaka kumi ya mwisho ina thamani ya bilioni 186. Maana yake, serikali mezani inatoa kitu inachokiona cha bilioni 186, mwekezaji anakipokea kama cha bilioni 39. Nimeirudia hesabu hii mara kwa mara na kila ninapoirudia inanisumbua, kwa sababu miaka ndiyo kitu cha kwanza kuongezwa mazungumzo yanapokwama. Haionekani kwenye bajeti ya mwaka huu, na atakayeilipa bado yuko shule ya msingi.

Upande wa pili una hoja, na ni nzito. Magari hayana uhakika: reli ya TAZARA ikifufuliwa itachukua sehemu ya mzigo wa Zambia, kwa hiyo hata serikali haipaswi kuyahesabu mapato haya kana kwamba ni hatifungani. Ukipandisha asilimia 8 kufidia hatari hiyo, pengo linapungua. Tena benki kwa kawaida hazikopeshi bila miaka ya ziada baada ya mkopo kuisha. Na ukibana miaka kupita kiasi, tozo itapaa. Mexico ilifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980: zabuni zilikwenda kwa aliyetaka miaka michache zaidi, tozo zikawa kubwa, malori yakabaki kwenye barabara za bure, na mwaka 1997 serikali ikalazimika kuokoa miradi kwa fedha za umma. Hapa kwetu malori yangerudi kupita Mwanjelwa na Mbalizi, na foleni ingebaki palepale.

Lakini hayo yanapinga miaka michache iliyofungwa. Hayatetei miaka mingi iliyofungwa. Chile mwaka 1998, kwa barabara ya Santiago hadi Valparaíso, hawakufunga idadi ya miaka. Wazabuni walishindana kwa jumla ya thamani ya sasa ya tozo wanayotaka kukusanya, kiwango cha punguzo, yaani ile asilimia ya kupunguzia thamani ya pesa za baadaye, kikiwa kimeandikwa kwenye mkataba. Jumla ikitimia, barabara inarudi. Magari yakiwa mengi inarudi mapema, yakipungua muda wa mwekezaji unaongezeka wenyewe bila yeye kurudi mezani kuomba.

Tukiuweka mfano wetu humo, jumla ikiwa bilioni 335 kwa asilimia 15, mapato yakikua kwa asilimia 8 badala ya 5 barabara inarudi mwanzoni mwa mwaka wa 15. Yakikua kwa asilimia 4, inarudi mwaka wa 26. Yakikua kwa asilimia 3, hairudi milele, kwa sababu kila mwaka unaoongezwa una thamani ndogo zaidi leo, na hata ukijumlisha miaka yote ya milele unaishia karibu bilioni 333, chini ya 335.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Kiwango cha punguzo cha juu kwenye mkataba wa aina hii kinamfaa mwekezaji kwa kificho, hivyo kishuke, na kuwe na ukomo wa miaka hata jumla isipotimia. Pia kila tozo inayolipwa getini ionekane papo hapo kwenye mfumo wa serikali, kwani anayeficha makusanyo anajiongezea muda. Na kwa kuwa mwekezaji huyu hapati zaidi kwa kuvutia magari, mkataba umtoze faini kwa kila shimo na kila mzani usiofanya kazi.

Kwa mkataba wa muda uliofungwa, swali la kwanza kwa anayetetea nyongeza ya miaka ni moja: bilioni ngapi kwa kipimo cha nani?