Filamu ya wasichana na mahudhurio: takwimu au familia moja?

Swali: "Tunaandika skripti ya filamu ya dakika 6 ya shirika letu kuhusu wasichana na mahudhurio shuleni, huku Tanzania. Bosi anataka takwimu, mtu wa kamera anataka familia moja tu mwanzo mwisho. Tumsikilize nani?"

Nianze na mtu wa kamera maana ndo mwenye ushahidi unaojulikana zaidi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Small, Loewenstein na Slovic, walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote wa uchangishaji inabidi alijue. Watu walijaza dodoso wakalipwa dola 5, alafu wakaombwa wachangie Save the Children kiasi wanachotaka. Kundi moja lilisoma habari za mtoto mmoja wa kike wa miaka 7 wa Mali mwenye njaa, kundi lingine likasoma takwimu za njaa Afrika, mamilioni ya watu Malawi, Ethiopia, Angola. La kwanza lilitoa wastani wa dola 2.38, la pili 1.14. Wengi wanaolisimulia huishia hapo, ila kulikuwa na kundi lililopewa vyote viwili kwa pamoja, yule mtoto na zile takwimu, na hao walitoa 1.43. Yani namba hazikuongeza kitu juu ya hadithi, zimeshusha karibu dola nzima.

Kwahiyo mkisema mtabalansi, dakika 3 za familia na dakika 3 za namba, mtakuwa mmechagua njia ambayo kwenye jaribio lile ilishusha michango. Hapo mtu wa kamera kashinda.

Lakini jaribio lile lilipima kitu kimoja tu, hela anayotoa mtu papo hapo mfukoni mwake. Halikupima diwani anaepiga kura ya bajeti ya bweni, wala mzazi anaetoka kwenye mkutano wa kijiji akaamua kesho binti aende shule au abaki. Na hadithi ya mtu mmoja ina madhara yake. Mwaka 1991 Shanto Iyengar, mtafiti wa mawasiliano ya siasa, alionyesha kwa majaribio ya habari za televisheni kuwa watazamaji wakionyeshwa umaskini kupitia mtu mmoja mmoja huwa wanaelekea zaidi kumlaumu mhusika mwenyewe, wakati wakionyeshwa hali ya jumla wanaiangalia zaidi serikali na jamii. Nadhani mnajua hii inavyokua huku kwetu, mnaonyesha familia ambayo binti kakatisha shule, watu wanatoka ukumbini wanasema yule baba hana akili, au mama gani yule anaekubali mwanae akae nyumbani. Filamu ilitaka kuongelea umbali wa shule na chakula cha mchana, mtazamaji kaondoka na hukumu juu ya baba. Na yule baba ni mtu halisi, anaishi pale pale kijijini, nyie mmeshaondoka na gari lenu.

Sasa bosi. Hoja yake ni ya kweli, familia moja haithibitishi kitu, unaweza kupata familia moja ya kuthibitisha chochote unachotaka. Tatizo ni namba wanazokimbilia mashirika. Ile ya UNESCO ya mwaka 2023, wasichana milioni 122 hawako shule duniani, ni ya kweli, ila hesabu hiyo hiyo ilisema watoto wote walio nje ya shule ni milioni 250, maana yake wavulana ni milioni 128. Mtazamaji anaeijua hiyo anaanza kuwatilia shaka kwa kila mtakachosema baada ya hapo. Alafu hapa Tanzania uandikishaji wa msingi wasichana na wavulana wanakaribiana sana, wasichana wametangulia kidogo, na ada ya shule za serikali ilishafutwa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne. Msimuliaji akisema wasichana wetu hawapelekwi shule, mwalimu mkuu yeyote atasimama awaambie madawati yake yamejaa wasichana.

Kuandikishwa ni jina kuwepo kwenye daftari mwezi wa kwanza. Kuhudhuria ni kuwepo darasani Jumatano ya wiki ya tisa. Kumaliza ni kitu cha tatu. Skripti nyingi zinaruka kutoka kimoja kwenda kingine ndani ya sentensi moja na hakuna anaeshtuka. Filamu yenu ni ya mahudhurio, basi namba ya uandikishaji haina kazi humo, hata ya mimba haina kazi mpaka muonyeshe inaingiaje. Ukiangalia takwimu rasmi za elimu za kila mwaka, sababu kubwa kabisa ya wanafunzi kuacha shule inaandikwa utoro, mimba inakuja mbali nyuma yake, na humo kwenye utoro wamo waliopelekwa kufanya kazi za ndani mjini, walioolewa kimya kimya, na waliochoka tu kutembea. Kwahiyo namba ya taifa inawaambia wangapi wametoka, haiwaambii kwanini, na kwanini ndo filamu yenyewe.

Mfano wa jinsi hii inavyowaangusha watu ni taulo za kike. Sentensi ya kwamba msichana mmoja kati ya kumi Afrika anakosa shule akiwa kwenye hedhi imezunguka kwenye mabango na filamu kwa miaka mingi, ukiifuatilia ilikotoka hupati utafiti unaoibeba vizuri. Ulipofanyika utafiti mkubwa Kilifi, Kenya, kwenye shule za msingi 140, matokeo yakatoka 2021, kugawa taulo hakukubadilisha mahudhurio, na masomo ya afya ya uzazi nayo hayakubadilisha mahudhurio, ingawa yaliongeza uelewa na mitazamo ya wasichana. Hiyo haimaanishi taulo sio muhimu, msichana anastahili taulo hata kama hakosi siku moja, ila filamu ikiahidi kuwa taulo zitajaza darasa inaahidi kitu ambacho kimepimwa hakikuonekana, na mfadhili akija kupima mwaka wa pili mtamjibu nini.

Mimi naona bosi na mtu wa kamera wote wanaanzia mahali pabaya. Wanatafuta familia yenye hadithi kali alafu wanatafuta namba za kuipamba. Geuzeni, namba ndo ichague familia. Na namba hiyo msiitafute UNESCO Paris wala wizarani Dodoma, ipo kwenye daftari la mahudhurio la shule mnayokwenda kupiga picha.

Nifanye mfano, familia hii ni ya kutunga ila hatua zake ndo zenyewe. Mnafika shule ya sekondari ya kata, mnaomba ruhusa kwa mkuu wa shule na halmashauri, mnakaa na madaftari ya kidato cha pili ya muhula uliopita kabla hata kamera haijatolewa kwenye begi. Hamuhesabu majina, mnahesabu siku za wiki. Tuseme mnakuta wasichana wengi wanakosa Jumatano kuliko siku nyingine, wavulana hamna tofauti hiyo. Mnamuuliza mwalimu wa darasa, anawajibu bila kufikiri, Jumatano gulio. Mama zao wanaenda kuuza, wao wanabaki na wadogo zao.

Hapo sasa mna swali, alafu mnatafuta familia ya kawaida kabisa ndani ya hilo swali. Msimchague yule alieacha kabisa na kuolewa, huyo atabeba filamu kwa machozi ila ni mmoja darasani. Chagueni binti anaekosa Jumatano kama wenzie. Mwaka wa masomo Tanzania ni siku 194, anaekosa siku moja kila wiki anakosa karibu siku 39 kwa mwaka, kwa miaka minne ya sekondari inafika siku 155 hivi. Binti anaeonekana shuleni wiki zote, ambae ripoti zote zinamhesabu kuwa yupo, kakosa miezi mingi ya masomo. Namba hiyo haimshushi mtu wa kwenye hadithi kama zile za lile jaribio, kwasababu ni siku zake yeye.

Kwenye skripti ya safu mbili inakaa hivi. Upande wa picha: daftari liko mezani, kidole cha mwalimu kinashuka kwenye safu ya Jumatano, jina kwa jina, kinasimama kwenye alama za kutokuwepo. Upande wa sauti: mwalimu mwenyewe anaongea, msimuliaji kanyamaza. Picha inayofuata ni mama anafunga mzigo wa mboga saa kumi na moja asubuhi, anaeleza kwa mdomo wake kuwa asipoenda gulio wiki hiyo hamna hela ya mchango wa chakula wa shule hiyo hiyo. Mtazamaji akisikia hivyo ni ngumu kumlaumu mama, maana kaona hesabu anayoipiga, na ile hofu ya Iyengar inapungua sana. Ndo baada ya hapo, dakika ya nne kwenda ya tano, iwekeni ile 39 na 155, na kwa sentensi moja wangapi darasani wana Jumatano kama hiyo. Namba tatu zinatosha. Msimuliaji wa Kiswahili asiekimbizwa anasoma maneno mia na kitu kwa dakika, kwahiyo dakika 6 zenye sauti za wahusika zinabaki na nafasi ya maneno 300 ya msimulizi, kila takwimu inayoongezwa inamfukuza mtu kwenye filamu.

Udhaifu wa njia hii upo. Daftari likijazwa mwisho wa wiki kwa kukumbuka, au likijazwa vizuri kabla mkaguzi hajaja, hesabu yenu ni takataka. Njia ya kujua ni rahisi, kaeni darasani siku mbili bila kutangaza, hesabuni vichwa, linganisheni na daftari. Zikipishana sana, tafuteni shule nyingine. Na matokeo ya shule moja ni ya shule moja, kwenye maandishi ya mwisho andikeni jina la wilaya na muhula, msiseme "wasichana wa Tanzania". Bosi akihitaji picha ya taifa kwa ajili ya wizara, mpeni karatasi ya kurasa mbili inayoambatana na filamu, huko takwimu zina pa kupumua.

Jambo moja ambalo halihusu balansi ila lazima liwe ndani ya skripti tangu mwanzo, ridhaa. Toka marekebisho ya sheria ya elimu ya 2016 kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa ni kifungo cha miaka 30. Kwenye mahojiano ya saa nzima familia inaweza kutaja jirani, tarehe, makubaliano yaliyofanyika nje ya mahakama, na hayo yote yakibaki kwenye filamu mnaweza kumuweka binti kwenye hatari na ndugu zake mwenyewe. Kama kuna uhalifu dhidi ya mtoto unapelekwa kwa ustawi wa jamii, hauwi tukio la dakika ya tatu. Wazazi wasaini, binti nae aulizwe peke yake mbali na baba, na waonyeshwe filamu iliyokamilika kabla haijatoka, wakiwa na haki ya kusema sehemu hii toeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na ridhaa ikiondolewa baada ya filamu kuzunguka WhatsApp hamna namna ya kuirudisha, kwahiyo bajeti ya siku ya pili ya kurudi kijijini na laptop iwekeni sasa hivi, kabla ya bajeti ya droni.